Nilifuta "Hata Kama"

Maneno niliyoyafuta ni mawili: "hata kama". Ilikuwa yapata saa tano usiku, nimeketi mezani na kikokotoo, nahesabu silabi kwa ncha ya kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Maneno hayo yalikuwa yakiirefusha sentensi yangu ya mwisho. Nikayapiga mstari, nikahesabu upya, sentensi ikafupika, nikaenda kulala nimeridhika. Zilipita wiki saba kabla sijajua nilichokuwa nimekifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Shirika moja lilinipa kipeperushi cha kina mama kuhusu mtoto anayeharisha, cha kugawiwa na kubandikwa kwenye zahanati, nikirahisishe. Kilikuwa kimeandikwa na watu wanaoijua dawa vizuri na wanaoandika barua nyingi za ofisi. Aya iliyobeba moyo wa kipeperushi ilisomeka hivi:

"Mtoto anayeharisha anatakiwa kupatiwa mchanganyiko wa chumvichumvi za kuongezea maji mwilini uliotayarishwa kwa kuyeyusha pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama ya kunywa, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo vinapaswa kuendelea kutolewa kwa muda wa siku kumi hata kama kuharisha kutakuwa kumekoma kabla ya muda huo kukamilika."

Isome kwa sauti uone pumzi inavyokukatikia njiani. Ni sentensi moja ya maneno 50 kamili. Ndani yake mna vitenzi 14, kuanzia "anayeharisha" hadi "kukamilika", na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachomwambia mama fanya hivi. Mtoto "anatakiwa kupatiwa", mchanganyiko ni "uliotayarishwa", vidonge "vinapaswa kuendelea kutolewa". Na nani? Mama anayesoma ameshika mtoto mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, na karatasi haijui kwamba yupo.

Kwa hiyo aya ilihitaji kupunguzwa uzito, hilo sina ubishi nalo mpaka leo. Tatizo lilikuja na fomu ya kazi. Ofisi kuu ya shirika hilo, iliyoko nje, ilitaka kila kipeperushi kipimwe kwa kanuni ya Flesch-Kincaid na kisizidi darasa la 5. Kisanduku kilikuwa kwenye fomu, kikisubiri namba. Sikuuliza kanuni hiyo ilitengenezwa kwa lugha gani. Kisanduku nilikiona, nikaanza kukitafutia namba ya kukijaza.

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba kanuni za aina hii huangalia mambo mawili tu: sentensi ina urefu gani na maneno yana urefu gani. Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alichapisha yake mwaka 1948. Inasomeka hivi:

```
206.835 - 1.015 × (maneno / sentensi) - 84.6 × (silabi / maneno)
```

Jibu likikaribia 100 andiko ni jepesi sana, likiwa kati ya 60 na 70 ni la kawaida, likishuka chini ya 30 ni zito la wasomi. Mwaka 1975 J. Peter Kincaid na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, walichukua vitu vilevile viwili wakavipa namba nyingine ili jibu litoke kama darasa la shule:

```
0.39 × (maneno / sentensi) + 11.8 × (silabi / maneno) - 15.59
```

Niliipima ile aya ya zamani. Silabi 137 kwa maneno 50, yaani wastani wa silabi 2.74 kwa neno. Kanuni ya Flesch ikatoa hasi 76. Ya Kincaid ikatoa darasa la 36. Hapo mtu mwenye akili timamu angeweka kalamu chini. Darasa la 36 halipo. Mwanafunzi wa darasa hilo, kama alianza shule na miaka saba, ana miaka 42 na bado anaendelea kusoma. Mimi nilicheka, nikajiambia: aya mbaya kweli hii, tuishughulikie.

Nikashika mkasi. Sitasema kila nilichofanya kilikuwa kibaya. Nilimtoa yule mtoaji wa dawa asiyeonekana, nikaandika "mpe". Nilivunja sentensi kubwa vipande vipande. "Kwa muda wa siku kumi" ikawa "siku kumi". Kama ningeishia hapo, huenda nisingekuwa na la kuungama. Lakini namba ilikuwa bado iko juu, na kila nilipopunguza ilishuka kidogo tu, nami nikazidi kukata. Toleo nililolipeleka ni hili:

"Mtoto akihara mpe mseto. Tia pakiti moja. Tia maji safi lita moja. Mpe na zinki. Mpe siku kumi. Kuhara huweza kukoma kabla."

Maneno 22, sentensi 6, hakuna sentensi inayozidi maneno matano. Flesch sasa ilikuwa chanya 7, kutoka hasi 76. Kincaid ilishuka kutoka darasa la 36 hadi la 13. Maana yake, kwa mujibu wa kanuni, "Tia pakiti moja" ni kazi ya mtu aliyeingia chuo kikuu. Niliona upuuzi huo kwa macho yangu na bado sikushtuka. Nilimwandikia msimamizi wa mradi kwamba darasa la 5 halikufikika ila tumeshuka madarasa 23, na kwamba hayo ni maendeleo makubwa. Akaniuliza kama tuwasomee kwanza kina mama wachache kabla ya kuchapa. Nikamjibu hakuna haja, kipimo kinatosha, tutaokoa siku mbili na nauli. Barua pepe ile ninayo. Huwa naifungua kila ninapoanza kujisifu.

Wiki saba baadaye nilipita kwenye zahanati moja kwa shughuli nyingine kabisa. Kipeperushi changu kilikuwa ukutani, kimebandikwa vizuri, na nikakitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake siku ya mahafali. Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una mgonjwa?"

Nikamwambia sina mgonjwa, ila karatasi ile pale ukutani niliiandika mimi. Alinitazama kwa muda, kisha akavuta benchi.

"Ni wewe? Keti. Nilikuwa namtafuta aliyeiandika."

Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia mama mmoja alikuja na boksi la dawa mkononi, ametoka kulinunua duka la dawa. Alikuwa na swali moja: "Sista, hii naiyeyusha yote kwenye lita moja?" Boksi lilikuwa la dawa ya malaria. Muuguzi akamuuliza nani amemwandikia. Yule mama akanyoosha kidole ukutani: imeandikwa mtoto akihara mpe mseto.

Msomaji wa Tanzania ameshaelewa. Huku kwetu "mseto" kwa mtu wa kawaida una maana mbili. Wa kwanza uko sufuriani, wali na choroko. Wa pili uko duka la dawa: dawa mseto, ndivyo watu wanavyoiita ile dawa ya malaria yenye viambato viwili ndani ya kidonge kimoja. Neno "mchanganyiko" lilikuwa na silabi tano na herufi 12. "Mseto" una silabi tatu na herufi tano. Katika kamusi ni ndugu. Mimi niliangalia urefu, nikachagua fupi, na neno fupi likampeleka mtu duka la dawa kununua tiba ya ugonjwa mwingine. Ashukuriwe Mungu kwamba alikuja kuuliza kabla hajampa mtoto.

"Na hii nyingine," muuguzi akaendelea, akigusa mstari wa mwisho kwa ukucha. "Hapa ulikuwa unataka kusema nini?"

Nikasoma kwa sauti: "Mpe siku kumi. Kuhara huweza kukoma kabla."

"Eeh. Sasa kina mama wananiambia, Sista, karatasi imesema kunaweza kukoma kabla, basi kukikoma tunaacha. Siku ya tatu mtoto anacheza, zinki wanaiweka kabatini wakimsubiri mdogo wake."

Nilikosa la kusema. Waliisoma sawasawa kabisa. Weka sentensi hizo mbili jirani, usiweke kiungo katikati, na msomaji atakitia kiungo chake mwenyewe, kwa sababu akili ya binadamu haikubali sentensi mbili zikae pamoja bila uhusiano. Kiungo kilicho karibu zaidi ni "kwa hiyo": kunaweza kukoma kabla, kwa hiyo unaweza kuacha kabla. Aya ya zamani, pamoja na uzito wake wote, ilikuwa na "hata kama", na "hata kama" ndiyo iliyokuwa imeushikilia mlango huo usifunguke. Mtoto aliyezidi miezi sita apewe miligramu 20 za zinki kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya hapo nusu yake. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza mwaka 2004. Sababu ya kumaliza siku zote ni kwamba faida yake haiishii kwenye kuhara kwa leo: humpunguzia mtoto uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata. Agizo lote lilikuwa limening'inia kwenye maneno mawili yenye silabi nne. Nilizifuta ili sentensi ya mwisho isivuke maneno matano.

Nilirudi nyumbani nikafanya kile nilichopaswa kukifanya kabla ya kupokea malipo. Nilikaa na kanuni yenyewe, nikajiuliza imepima nini.

Namba zile, 1.015 na 84.6, hazikushuka mbinguni. Flesch alizipata kwa kulinganisha vifungu vya majaribio ya kusoma ya shule za Marekani na jinsi wanafunzi walivyovijibu. Ni namba za Kiingereza. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, na maneno yao marefu mengi ni ya kitabuni, yaliyotoka Kilatini na Kigiriki. Kwa hiyo kwao urefu wa neno ni dalili nzuri ya ugeni wa neno. Kwetu dalili hiyo haifanyi kazi. Neno la Kiswahili linarefuka kwa sababu limebeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo kwa pamoja. "Nitakupikia" lina silabi sita na mtoto wa miaka mitatu analijua. "Siha" lina silabi mbili tu, nenda kamuulize huyo mtoto maana yake.

Tuseme kila sentensi yangu ilikuwa na maneno manne tu. Ili Kincaid itoe darasa la 5, ningehitaji wastani wa silabi 1.6 kwa neno. Sasa tafuta maneno ya silabi moja katika Kiswahili. Utapata "na", "ya", "wa", "cha", "la", "kwa" na jamaa zao, yaani gundi tupu. Hata kama kila neno lingine lingekuwa na silabi mbili pekee, gundi hiyo ingepaswa kuwa maneno manne katika kila kumi. Hakuna mtu anayezungumza hivyo. Darasa la 5 nililoagizwa halikuwepo katika lugha hii, na mimi nilikuwa nalitafuta kwa mkasi.

Jaribio lililonimaliza nguvu ni hili. Chukua sentensi "Mtoto anayeharisha apewe maji". Maneno manne, silabi 14. Sasa lichukue "anayeharisha" ulipasue vipande viwili: "Mtoto ambaye anaharisha apewe maji". Maneno matano, silabi 16. Sentensi imerefuka, maana haijabadilika hata chembe, na sikio la Mswahili litakwambia ya kwanza ndiyo nyepesi mdomoni. Flesch inaizawadia ya pili alama 24. Ukitaka kuipendeza kanuni hii kwa Kiswahili, tapakaza "ambaye" na "ambacho" kila mahali. Nilipofungua kazi zangu nyingine za mwaka ule, nilikuta ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Hata Wahispania, ambao lugha yao haiko mbali na Kiingereza kama yetu ilivyo, hawakuitumia kanuni hiyo ilivyo. Mwaka 1959 Fernández Huerta aliitengenezea namba za Kihispania kwa sababu maneno yao yana silabi nyingi zaidi. Na ukiiachia kompyuta ihesabu, kosa linaongezeka. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Kiingereza hupuuza herufi "e" mwishoni mwa neno, kwa sababu kwao mara nyingi haitamkwi, na huhesabu irabu mbili zilizofuatana kuwa silabi moja. "Mpe" inabaki na nini hapo? "Tia" inakuwa silabi moja. Mimi angalau nilihesabu kwa mkono. Ni faraja ndogo, kama mwizi anayejisifu kwamba alibisha hodi.

Nikaandika upya, safari hii nikianzia kwenye matendo. Nilijiuliza mama anafanya nini kwanza, kisha nini, na ni wapi anaweza kukosea. Anatengeneza maji ya dawa, anampa mtoto, anampa zinki, na anaweza kuiacha zinki mapema. Mambo manne, nikaona yatoshe kwa sentensi nne, na kila moja ibebe jambo lake lote pamoja na masharti yake. Kuhusu maneno, sikufungua kamusi. Nilikaa kwenye benchi la zahanati asubuhi mbili nikisikiliza kina mama wanavyomweleza muuguzi shida zao. Hakuna aliyesema "kuhara" wala "mchanganyiko". Walisema mtoto "anaharisha", na ile dawa waliiita kwa herufi zilizo kwenye pakiti. Toleo lilikuwa hili:

"Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya ORS. Chukua pakiti moja ya ORS, imimine yote kwenye lita moja ya maji safi, kisha koroga mpaka iyeyuke. Mpe pia kidonge kimoja cha zinki kila siku kwa siku kumi. Hata kama ameacha kuharisha, endelea kumpa zinki mpaka siku kumi ziishe."

Kipeperushi kile ni cha watoto waliozidi miezi sita, na mstari wa juu unasema hivyo, ndiyo maana kidonge ni kimoja. Kuhusu lita moja, muuguzi alinikatiza: neno ni jepesi, lakini nyumbani hawana kipimo. Tukachora pembeni chupa kubwa ya maji ya dukani yenye maandishi ya lita 1. Hakuna kanuni ambayo ingeniambia hilo.

Sikuacha kupima. Ningependa kusema niliitupa kalamu ya kuhesabia, lakini si kweli, na nisingekushauri uitupe. Jicho la mwandishi hulizoea andiko lake mpaka halioni tena urefu wake. Nilichobadilisha ni kipimo na kazi ninayokipa. Siku hizi natumia LIX, iliyotengenezwa na Msweden Carl-Hugo Björnsson mwaka 1968. Haihesabu silabi, inahesabu herufi. Neno refu kwake ni lenye herufi saba au zaidi:

```
(maneno / sentensi) + 100 × (maneno marefu / maneno)
```

Unaweza kuihesabu kwa mkono ndani ya dakika tano. Aya ya ofisini: maneno 50 kwa sentensi moja, na maneno marefu 18, yaani asilimia 36, jumla 86. Aya yangu mpya: maneno 46, sentensi 4, wastani 11.5, maneno marefu 8, jumla karibu 29. Kwa Wasweden chochote kinachozidi 60 ni kizito mno na kilicho chini ya 30 ni cha vitabu vya watoto, lakini mipaka hiyo usiihamishie huku. Nayo ilipimwa kwa Kiswidi. "Kidonge" kina herufi saba, kwa LIX ni neno refu, na hakuna mama asiyelijua. Kwangu LIX inajibu swali moja tu: toleo hili la aya hii limepungua uzito kuliko lile lililotangulia? Kutoka 86 hadi 29, ndiyo, limepungua. Darasa siandiki.

Kisha nikaipima ile aya yangu ya mseto. LIX yake ni 8. Ndiyo "nyepesi" kuliko zote tatu, kwa mbali. Flesch nayo inasema vivyo hivyo: aya mpya, nikiihesabu ORS silabi nne kama inavyotamkwa, inapata hasi 16, ile ya mseto ilipata chanya 7. Vipimo viwili vya nchi mbili tofauti vyote viliichagua aya iliyompeleka mama kununua dawa ya malaria. Havikukosea hesabu. Aya ile ilikuwa fupi kweli. Ufupi wake ulitokana na kung'oa viungo vilivyoonyesha jambo hili linahusianaje na lile, na hakuna kanuni ya urefu inayoona kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo sasa nina hatua moja zaidi, na inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu silabi. Kabla ya kugusa aya yoyote, nazungushia duara kila kiungo kilichomo: hata kama, mpaka, kabla ya, ikiwa, kwa sababu, isipokuwa, ila. Nikimaliza kuandika upya, narudi kwa kila duara na kuuliza kiungo hiki kimekwenda wapi. Kama kimebaki, sawa. Kama nimekitoa, lazima niweze kueleza kazi yake imefanywa na nini. Katika toleo jipya "kabla ya muda huo kukamilika" imeondoka, na kazi yake inafanywa na "mpaka siku kumi ziishe". "Hata kama" imerudi, na nimeiweka mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo hata mtu anayesoma huku akibembeleza mtoto ataipitia. Na namba ikishuka kupita kiasi, LIX ikienda chini ya 15 hivi, siku hizi naogopa badala ya kufurahi. Kiwango hicho cha 15 ni changu mwenyewe, kutokana na aya zangu mwenyewe, usikiweke kwenye fomu.

Tulilisoma toleo jipya na kina mama wanane, mmoja mmoja. Sikuwauliza kama wameelewa, maana mtu akiulizwa hivyo na mgeni mwenye daftari atasema ndiyo kwa heshima. Muuguzi aliwaambia: "Tuseme mimi ni mdogo wako na mtoto wangu ndiye anaharisha. Nielekeze." Saba walielekeza vizuri mpaka mwisho. Wa nane alidhani pakiti moja ni ya kugawanywa siku tatu. Ndiyo maana ukiisoma aya hiyo utaona neno "yote" baada ya "imimine". Halikuwepo mwanzoni. Liliongezwa kwa ajili yake, na likaiongezea sentensi yangu ndefu kuliko zote neno jingine.

Shirika lile lilinielewa kuliko nilivyostahili. Nililiandikia kila kitu, pamoja na ile barua yangu ya "hakuna haja", nikafanya kazi ya pili bila malipo. Kisanduku cha darasa bado kipo kwenye fomu yao. Pale ambapo pangekaa namba, naandika "haipimiki kwa Kiswahili", na mpaka sasa hakuna aliyeirudisha fomu.

Nakala za kwanza zilikuwa 3,000. Zilizorudishwa ni chache, na sijui nyingine ziko wapi. Ukienda zahanati ukakuta ukutani karatasi inayoanza na "Mtoto akihara mpe mseto", tafadhali mwite muuguzi wa zamu, mwonyeshe mstari wa kwanza na wa mwisho, na uibandue.